Ibada ya hekaluni kwa Wahindu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu darshani, sadaka na murti

Uhindu una njia nyingi, na hakuna hekalu moja linalosemea yote. Majibu haya yameegemea zaidi desturi za Gujarati na Rajasthan, kwa kuwa Wahindu wengi wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Nairobi wana asili ya Gujarati na Kutch. Pale ambapo Kusini mwa India mambo ni tofauti, tumesema.

Nimefika hekaluni saa saba mchana nikakuta pazia limefungwa. Kuna nini?

Mwenye nyumba amelala. Kwa Mhindu anayefuata ibada ya hekaluni, murti, yaani umbo ambamo Mungu amekubali kukaa, anaishi pale katika chumba cha ndani. Anaamshwa, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, anapumzishwa mchana na kulazwa usiku. Saa za kufungua hekalu hufuata siku yake, si nafasi ya mwenye kuja. Ukishika hilo moja, mambo mengi yanayomshangaza mgeni yatajieleza yenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi uko Nathdwara, Rajasthan, katika haveli ya Shrinathji. Huyu ni Krishna akiwa mtoto wa miaka saba, amechongwa katika jiwe jeusi, mkono wa kushoto ameuinua juu akibeba mlima Govardhan. Alihamishwa kutoka eneo la Vraj wakati wa utawala wa mfalme Mmughal Aurangzeb na akawekwa Nathdwara mwaka 1672. Jengo lake linaitwa haveli, yaani nyumba kubwa ya kuishi, nalo halina mnara mrefu kama mahekalu mengine.

Siku ya Shrinathji ina darshani nane, yaani nyakati nane ambapo pazia hufunguliwa watu wamwone. Alfajiri ni Mangala, ameamka tu na amepata kifungua kinywa chepesi. Inafuata Shringar, amevishwa, amepambwa, na anaonyeshwa kioo ajitazame. Gwal ni wakati wa kutoka na ng'ombe malishoni. Karibu na adhuhuri ni Rajbhog, mlo mkubwa wa siku, na baada yake pazia hufungwa kwa saa kadhaa. Alasiri huamshwa kwa mlio wa baragumu la kombe, na hiyo ndiyo Utthapan. Kisha kuna Bhog, kitafunio kidogo. Sandhya, ng'ombe wanaporudi na taa kuzungushwa mbele yake kumwondolea kijicho. Na mwisho Shayan, wakati wa kulala. Kila darshani ni fupi, na baina yake huoni chochote zaidi ya pazia.

Mavazi nayo hufuata majira. Joto likizidi huvishwa pamba nyepesi na kupepewa. Baridi ya Rajasthan ikija huvaa nguo zilizojazwa pamba ndani. Wabhatia wa Kutch, waliofanya biashara Maskati na Unguja katika karne ya 19, wengi wao walikuwa wa njia hii hii. Mahekalu ya madhehebu ya Swaminarayan, ambayo leo yanaonekana sana Afrika Mashariki, yana mpangilio unaofanana, ila kwao ni arati tano, yaani ibada za kuzungusha taa, kwa siku: Mangala, Shangar, Rajbhog, Sandhya na Shayan.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, uliza saa za arati. Ukikosa kuuliza, nenda asubuhi kabla ya saa nne au jioni magharibi inapoingia.

Darshani ni kuangalia tu?

Ni kuonana. Mtu huenda kumwona Krishna, Rama, Shiva au Devi, na huenda pia ili aonwe naye. Ndiyo maana macho ya murti huwa makubwa na ya wazi. Kwenye baadhi ya mahekalu hubandikwa macho ya enameli au fedha juu ya yale ya jiwe ili yaonekane hata kutoka mlangoni. Ndiyo maana pia watu husogea huku na huku kwenye umati wakitafuta mahali pasipo na kichwa cha mtu mbele. Aliyeketi nyuma ya nguzo ameisikia ibada, lakini darshani hajaipata.

Hapa kuna kosa la kawaida la wageni: kufumba macho. Kanisani au nyumbani mtu amezoea kufumba macho anapoomba. Mbele ya murti, fumbua kwanza. Tazama kuanzia miguuni, panda hadi usoni, kaa hapo kidogo, halafu ukitaka kufumba, fumba. Pazia halikusubiri.

Kusini mwa India chumba cha ndani hakina dirisha, nalo jiwe limekuwa jeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Ukisimama nje huoni kitu mpaka pujari, mhudumu wa ibada, awashe kafuri na kuinyanyua mbele ya uso; kwa sekunde chache sura yote inatokea. Wanaosukumana mlangoni wanasukumania sekunde hizo.

Nikiingia, nifanye nini kwa mpangilio?

Vua viatu nje, na ikiwezekana acha hapo mkanda na pochi ya ngozi, kwani ngozi ya mnyama haipendwi ndani. Nawa mikono, pakiwa na bomba la miguu, nawa na miguu. Kama kuna kengele mlangoni, ipige mara moja tu, taratibu. Nenda mbele, kunja viganja kifuani, inamisha kichwa, pata darshani yako, toa ulicholeta, kisha mzunguke. Mzunguko huenda kama mshale wa saa, bega lako la kulia likiwa upande wake.

Kwa Shiva kuna tofauti. Maji anayoogeshwa hutoka chumbani kwa mfereji upande mmoja, na mfereji huo hauvukwi. Unakwenda mpaka unapoufikia, unageuka, unarudi ulikotoka hadi uufikie kwa upande wa pili. Ukiona watu wanageuka ghafla nyuma ya hekalu, hawajapotea.

Ukikaa chini, usinyooshe miguu kuelekea kwake. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa sehemu tofauti.

Nilete nini? Kuna kiwango?

Hakuna. Bhagavad Gita, sura ya 9 ubeti wa 26, inataja vitu vinne: jani, ua, tunda, maji. Mtu akileta kimoja kati ya hivyo kwa moyo, amekamilisha. Pesa hutiwa kwenye sanduku la chuma lenye tundu. Haziwekwi miguuni pa murti wala hapewi pujari kwa siri ili apitishe mtu mbele.

Kinachokosewa zaidi ni kumpelekea mmoja kilicho cha mwingine. Vishnu na Krishna hupewa tulasi, jamaa wa mrehani wetu, na chakula chao huhesabiwa hakijakamilika bila jani lake. Ganesha hapewi tulasi. Yeye hupewa majani ya durva, ukoka mwembamba unaotambaa. Shiva hupewa jani la bilva lenye vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, ambalo halijachanika, na huwekwa upande laini ukitazama chini. Ua la mkadi, linalopendwa sana na akina mama wa pwani kwa harufu yake, Shiva hapewi kabisa, hata kama kwa kunukia linashinda mengine yote.

Maua yasinuswe kabla ya kutolewa. Yaliyoanguka chini hayatolewi, na yaliyonyauka pia, ila tulasi na bilva hukubaliwa hata zikikauka. Nazi itikise kwanza usikie maji. Isiyolia maji mara nyingi imeoza ndani, na nazi iliyooza ikipasuliwa mbele ya umma, wengine huona ni ishara mbaya. Pujari wengi wataagiza tu nyingine, lakini aibu utakuwa umeipata.

Chakula hutolewaje, na kwa nini tunapewa tukile baadaye?

Hatua zenyewe ni hizi. Mpishi huoga, huvaa nguo safi, na tangu hapo hadi chakula kitoke haguswi na mtu. Katika haveli akiguswa huenda kuoga tena. Hapiki kitunguu wala kitunguu saumu, na nyama, samaki na mayai havifiki kabisa. La muhimu kuliko yote: haonji. Chumvi inapimwa kwa uzoefu, kwa kuwa chakula kilichopita kinywani mwa mtu hakiwezi kupelekwa mbele ya Krishna. Mpishi mgeni wa jiko la hekalu hapo ndipo anapotoka jasho.

Chakula kikiiva hupakuliwa kwenye sinia, mara nyingi wali, dengu, mboga, chapati na kitu kitamu. Jani la tulasi huwekwa juu, maji hunyunyizwa kuzunguka sinia, glasi ya maji ya kunywa huwekwa pembeni, na pazia hufungwa. Hakuna anayetazama mtu akila. Pujari husubiri nje, au katika mahekalu ya Swaminarayan huimba nyimbo zinazotaja chakula kimoja kimoja na kumbembeleza ale. Baada ya robo saa au zaidi pazia hufunguliwa, maji ya kunawa na kusukutua hutolewa, na mwisho tambuu iliyofungwa na popoo na iliki.

Kilichoingia kilikuwa sadaka. Kinachotoka kinaitwa prasadi. Kwa macho ya kawaida sinia ni lile lile. Kwa muumini, mwenyewe amekwisha kula, na kilichobaki kwenye sahani yake ni baraka. Mahali pengine kula mabaki ya mtu ni jambo la kudhalilisha. Hapa ni heshima, na tajiri na maskini hupokea kutoka sinia moja.

Pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Usikiweke sakafuni, usikitupe, usikatae kwa kusema umeshiba. Chukua kipande kidogo. Ukipewa kijiko cha maji yenye tulasi, kusanya kiganja cha kulia, nywa bila kufyonza kwa sauti, halafu unyevu uliobaki pitisha kichwani. Angalizo moja: katika mahekalu mengi, kilichowekwa juu ya linga lenyewe, nguzo fupi iliyo alama ya Shiva, hakiliwi. Kilichowekwa mbele yake ndicho hugawiwa.

Arati ni ile taa inayozungushwa?

Ndiyo. Tambi za pamba hulowekwa samli na kuwashwa kwenye kinara cha shaba nyeupe, moja, tano au zaidi. Pujari hushika kengele mkono wa kushoto na taa mkono wa kulia, na huzungusha kama mshale wa saa. Mafunzo mengi yanasema mara nne miguuni, mara mbili kitovuni, mara moja usoni, na mara saba mwili mzima. Ukimtazama mkono vizuri utaona taa inapanda kweli kweli.

Taa ikishapita mbele ya murti hupitishwa kwa watu. Funika moto kwa viganja kidogo, kwa juu, kisha gusa macho na paji la uso. Usiupulize, taa ya ibada haizimwi kwa pumzi, hubanwa au huachwa imalizike.

Tambi ikirusha cheche, pamba ilikuwa na unyevu au samli imechanganyika na maji. Kafuri safi huungua bila kuacha jivu, na hiyo ndiyo sababu inapendwa. Ikiwa inatoa harufu ya mafuta ya taa, imechanganywa. Iwashwe kipande kimoja kimoja, kwa sababu hushika moto ghafla na kinara cha chuma chembamba huchoma vidole.

Kwa nini wanamwagia murti maziwa?

Ni kuogesha. Kuogesha kwa siku kuu hutumia vitu vitano: maziwa mabichi, mtindi, samli, asali na sukari, kimoja baada ya kingine au vikichanganywa, na maji safi kila baada ya kimoja. Asali na samli zisilingane kwa uzito, kwani tiba ya Kihindi huzihesabu kuwa na madhara zikilingana, na mchanganyiko huu hunywewa baadaye. Mwisho hupakwa sandali iliyosagwa kwa maji juu ya jiwe, kama wanawake wa pwani wasagavyo liwa.

Vyombo vina kanuni. Shaba nyekundu ni ya maji peke yake. Maziwa na mtindi vikikaa ndani yake, asidi hula shaba na ladha hubadilika, basi hutumika fedha au chuma kisichoshika kutu.

Murti wa marumaru nyeupe, mnaowaona katika mahekalu mengi ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa kawaida hawaogeshwi hivyo kila siku. Mtindi hula marumaru ikapoteza mng'aro, na manjano huacha doa lisilotoka. Mbele yao huwa kuna murti mdogo wa madini, na huyo ndiye anayeogeshwa kwa niaba. Kusini mwa India nako wamegawana kazi: wa jiwe amejengewa pale pale na haondoki, na wa madini ndiye anayetoka kwenye maandamano. Kwenye kitako cha murti wa shaba wa zamani utaona matundu au vishikio. Miti ya kubebea ilipita humo.

Basi wanaabudu jiwe?

Swali hili tunaulizwa na majirani Waislamu na Wakristo kuliko lolote jingine, na ni halali kuuliza. Mhindu wa hekaluni atajibu hivi: Mungu hana mipaka, lakini mtu ana mipaka. Ana macho, masikio, mikono na tumbo, na hawezi kumhudumia asiye na umbo. Kwa hiyo Mungu kwa huruma yake hukubali kukaa katika umbo ambalo mtu anaweza kuliogesha na kulivisha. Walimu wa njia ya Ramanuja, mwalimu wa zamani wa wafuasi wa Vishnu, walihesabu kukaa huko kuwa mojawapo ya namna tano ambazo Vishnu yupo, na wakasema hiyo ndiyo iliyo karibu kuliko zote, maana amejiweka mikononi mwa pujari: asipolishwa, hali.

Kwamba si udongo wenyewe unaoabudiwa, tazama sikukuu ya Ganesha huko Maharashtra. Familia hununua Ganesha wa udongo, humwalika aingie, humhudumia siku moja na nusu, au tano, au hadi kumi, kisha humuaga na kumzamisha majini ayeyuke. Baada ya kuagwa, ule ni udongo tu. Tatizo la siku hizi ni wale wa plasta: hawayeyuki, wiki nzima baadaye mikono na vichwa vinaelea ufukweni.

Wapo wasiochongwa kabisa. Linga la Shiva halina uso. Shaligrama, jiwe jeusi la mviringo kutoka mto Gandaki huko Nepal, ni Vishnu bila kuchongwa na bila kuhitaji ibada ya kumkaribisha.

Jiwe hugeukaje kuwa murti?

Duka la vinyago halina murti. Mchongaji akimaliza, sanamu huletwa hekaluni na kulazwa ndani ya maji, kisha ndani ya nafaka, kwa muda ambao hutofautiana kwa madhehebu. Maji yana faida nyingine ambayo wachongaji wanaijua: ufa uliojificha hujionyesha. Halafu huogeshwa kwa vyungu vingi, mantra husomwa huku pujari akigusa kila kiungo, na pumzi huombwa iingie. Mwisho ni macho. Hufunguliwa kwa sindano ya dhahabu, na anayefanya kazi hiyo hasimami mbele. Kioo hushikwa mbele ya uso ili mtazamo wa kwanza uangukie hapo.

Tangu hapo hawezi kuachwa bila huduma. Familia inayofikiria kuweka murti wa namna hiyo nyumbani ifikirie nani atamlisha wakisafiri. Wengi huweka picha, na picha haidai hivyo.

Akivunjika?

Akipoteza mkono, kidole au pua, ibada kwake husimama. Huombwa aondoke katika umbo lile, umbo huzamishwa mtoni au baharini, na mpya huwekwa kwa taratibu zote. Alama ndogo ya kuchakaa huweza kutengenezwa. Hekalu zima likikarabatiwa, Kusini mwa India uwepo wake huhamishiwa kwenye chungu cha maji chenye majani ya mwembe na nazi mdomoni, na ibada huendelea kwenye kibanda cha muda. Kazi ikiisha, maji yaliyoombewa hupandishwa jukwaani hadi kileleni mwa mnara na kumwagwa juu ya kilele. Desturi ni kurudia hivyo kila baada ya miaka 12.

Kuna Wahindu wasiotumia murti?

Wapo. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati huko Bombay mwaka 1875, hukataa sanamu na huabudu kwa moto: samli na mimea mikavu hutiwa kwenye shimo la pembe nne huku Veda zikisomwa. Tawi lao Nairobi ni la zamani sana. Ukiingia ukakuta ukumbi wenye tanuri dogo katikati na hakuna murti hata mmoja, hujapotea njia.

Mimi si Mhindu. Nitaruhusiwa?

Inategemea mlango. Hekalu la Jagannath huko Puri halimruhusu asiye Mhindu. Mahekalu mengi ya Afrika Mashariki huruhusu wageni, likiwemo hekalu la mawe la BAPS Swaminarayan jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1999. Mabega na magoti yafunikwe, simu izimwe, na usipige picha chumba cha ndani hata pazia likiwa wazi. Hulazimiki kuinama wala kula prasadi. Usipotaka, kunja viganja na utikise kichwa kwa adabu, wakati mgawaji bado hajakutilia mkononi.